Daftari la dripu limepotea: slaidi moja inasema gawa kwa 3, nyingine gawa kwa 4

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma stashahada ya uuguzi, mwaka wa kwanza. Nimesahau daftari langu kwenye daladala na halijapatikana. Wenzangu wamenitumia slaidi na picha za madaftari yao, lakini ni vifupi na vingine vinapingana. Kwenye hesabu za dripu, mmoja kaandika 125 ÷ 3, mwingine 125 ÷ 4. Nianzie wapi, na nimwamini nani?

Jibu: Marahaba. Kama bado hujazisoma slaidi zote, zifunge kwanza. Najua inaonekana kinyume, kwa sababu mtu aliyepotelewa hukimbilia chochote anachopewa. Lakini kwenye slaidi kuna yale tu ambayo mwalimu aliamua kuyaandika. Maelezo aliyoyatoa kwa mdomo, mfano wa mgonjwa aliouchora ubaoni, swali la mwenzako aliyekaa nyuma na jibu lake, hayo yalikuwa kwenye daftari lako, na sasa yamebaki kichwani mwako peke yake. Ukianza na slaidi utayapoteza pia. Mwaka 1968 mtafiti Norman Slamecka aliwapa watu orodha ya maneno wakariri, kisha baadhi yao akawaonyesha sehemu ya maneno hayo eti kuwasaidia. Waliosaidiwa waliyakumbuka maneno yaliyobaki kwa uchache kuliko wale ambao hawakuonyeshwa kitu. Slaidi ya mwenzako nayo ni sehemu ya orodha.

Niliwahi kumfundisha binti aliyepatwa na jambo hilihili, na somo lilikuwa hilohilo la dripu. Alichukua karatasi tupu na ratiba ya vipindi, akapita kipindi kimoja kimoja akiandika kila alichokumbuka, hata vipande visivyo na maana. Kwenye kipindi cha dripu aliandika: "gawa kwa tatu". Chini yake akaandika: "mwalimu alishika pakiti mbili, moja ya watoto, matone madogo", akaweka alama ya kuuliza. Hakujua pakiti zile zinahusiana vipi na ile tatu. Aliandika tu.

Pembeni ya kila mstari aliweka herufi ya ulikotoka: K kwa kumbukumbu, S kwa slaidi, D kwa daftari la mwenzake. Nawe fanya hivyo, usione ni kazi ya kupoteza muda. Baada ya siku mbili tatu hutaweza kutofautisha ulichokumbuka mwenyewe na ulichokisoma usiku ule kwenye simu. Kumbukumbu haina ukurasa wa kurudia, na penye pengo hujaza kinachoelekea kuwa kweli. Frederic Bartlett wa Cambridge aliandika mwaka 1932 jinsi Waingereza waliosoma ngano ya Wahindi Wekundu walivyoirudia wakibadilisha mambo mageni kuwa ya kwao, hata mitumbwi ikawa mashua za kawaida. Ndivyo na mwanafunzi anavyokumbuka "gawa kwa tatu" halafu akaiongezea neno "daima" ambalo mwalimu hakulitamka.

Baada ya hapo ndipo alipofungua madesa. Alikuwa nayo matano, na manne yalisema 3. Hapa wengi hupiga kura, wakasema wanne wameshinda. Lakini alipoyatazama vizuri aliona manne yale yana kosa moja la herufi katika neno lilelile, tena mstari uleule. Yaani yalikuwa desa moja lililonakiliwa mara nne. Kwa hiyo mashahidi walikuwa wawili, mmoja wa 3 na mmoja wa 4. Kabla hujahesabu wingi wa watu wanaokubaliana, tafuta makosa wanayofanana.

Sasa tulimalize lenyewe, kwa sababu ndilo lako. Mgonjwa anatakiwa kupewa mililita 1000 kwa saa 8. Hiyo ni mililita 125 kwa saa, na hapo madesa yote yanakubaliana. Muuguzi anayehesabu matone kwa macho anahitaji kujua ni matone mangapi kwa dakika, na kanuni kamili ni hii:

```
matone kwa dakika = (mililita × matone ya seti kwa mililita) ÷ dakika
```

Saa 8 ni dakika 480. Seti ya dripu, yaani mrija unaopitisha maji kwenda kwa mgonjwa, ikiwa inatoa matone 20 kwa mililita inakupa 1000 × 20 ÷ 480, ambayo ni 41.7, yaani matone 42. Seti ya matone 15 inakupa 1000 × 15 ÷ 480, ambayo ni 31.25, yaani matone 31. Tazama sasa 125 ÷ 3 na 125 ÷ 4: majibu ni yaleyale. Ile 3 ni 60 ÷ 20, na ile 4 ni 60 ÷ 15, ambapo 60 ni dakika za saa moja. Seti ya watoto ya matone 60 kwa mililita hugawanywa kwa 1, ndiyo maana mililita kwa saa na matone kwa dakika huwa namba ile ile. Wenzako wote wawili wako sahihi. Waliandika njia ya mkato wakaacha aina ya seti. Na zile pakiti mbili za binti yule, zenye alama ya kuuliza, ndizo zilizomfungulia fumbo: alikumbuka kwamba seti hutofautiana kabla hajaambiwa na desa lolote.

Usiliache hili kama jambo la mtihani tu. Ukichukua 42 ukaiweka kwenye seti ya matone 15, mgonjwa anapata mililita 168 kwa saa, na chupa ya saa 8 inaisha kwa saa 6 hivi. Kwa mtu mwenye moyo au figo dhaifu hayo ni maji mengi mno. Matone ya seti yameandikwa kwenye pakiti yake, kwa hiyo isomwe kila mara.

Hesabu ina bahati hii kwamba unaweza kuijenga upya kutoka kwenye kanuni na kujua kama umekosea. Dozi za dawa na viwango vya kawaida vya vipimo vya damu havina bahati hiyo. Huwezi kuvifikiria vikatoka sahihi, na namba iliyokaribia inaonekana sawa kabisa na namba ya kweli. Hapo acha nafasi wazi kwenye daftari jipya, hata kama wenzako wote wamekupa jibu, mpaka uione kwenye kitabu cha kozi au mwongozo wa matibabu. Ukienda kwa mwalimu, usimwombe noti za muhula mzima. Muulize kitu kimoja kinachojibika akiwa amesimama mlangoni: "Mfano ule wa lita moja ulikuwa wa seti ipi?"

Ukimaliza ukurasa wa dripu, ufunge na ufanye hili: mililita 500, saa 4, seti ya matone 15. Jibu ni 31. Ukipata 42, ile 3 bado imekaa kwenye daftari lako bila jina la seti yake.