Unene wa waya wa spika kwa amplifaya ya wati 400

"Wakuu, amplifaya yangu ni wati 400 kwa omu 4. Spika ziko mita 20 na nimetumia waya mwembamba wa 0.75. Unapata moto, na besi imelegea. Ninunue unene gani?"

Mkuu, kosa hilo nimelifanya mwenyewe: spika mbili za omu 8 nikaziunga sambamba zikawa omu 4, nikazivutia waya kama huo wako. Nilidhani amplifaya imechoka, hadi nilipokaa na kalamu.

Kwa waya wa shaba, hesabu ni hii:

```
R = 2 × L × 0.0172 / A
```

R ni ukinzani wa waya kwa omu, L ni umbali kwa mita na A ni eneo la shaba kwa milimita za mraba. Mbili ipo kwa sababu umeme huenda na kurudi, na wengi huisahau. Kwa mita 20 za 0.75 unapata omu 0.92 hivi. Wati 400 kwenye omu 4 ni volti 40, basi mkondo unashuka kutoka ampea 10 hadi 8 na kidogo. Spika inapata wati 265, na wati 60 zinaishia kuupasha waya joto. Zilizobaki amplifaya haizitoi kabisa, maana mkondo umepungua.

Mimi hutaka ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika. Kwa omu 4 ni omu 0.2, na kwa mita 20 hesabu inadai milimita za mraba 3.4. Chukua 4. Spika itapata karibu wati 368. Ingekuwa omu 8, nusu ya unene huo ingetosha.

Lakini kabla ya kununua, angalia kama amplifaya inaweza kusogea karibu na spika. Kwa mita 5, waya wa 2.5 unakupa karibu wati 387, zaidi ya ule mnene wa mita 20. Waya wa mawimbi unaoingia kwenye amplifaya hubeba mkondo mdogo sana, huo ndio wa kurefusha.

Kuhusu moto: wati 60 zikitawanyika mita 20 ni wati 3 kwa kila mita, na muziki haukai kwenye kilele muda wote. Kwa hiyo ukihisi moto mkali, tazama kama waya uliobaki umeuacha kwenye bunda. Wangu ulikuwa hivyo. Joto lilikosa pa kutokea na plastiki ikaanza kulainika. Uukate au uutandaze. Moto ukiwa sehemu moja tu, kagua kiungo hapo, kimelegea.

Dukani kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na utahitaji unene wa mara moja na nusu hivi. Kisha funga ncha mbili za upande mmoja pamoja, pima upande wa pili kwa multimita, na utoe ukinzani wa nyaya za kipimo chenyewe. Kwa mita 20 za shaba ya 4 usome karibu omu 0.17.