Naandika "nimeambatisha", faili halifiki: mbona Thunderbird hainionyi?

Swali: Mimi ni katibu wa kamati, natumia Thunderbird kwenye kompyuta. Kwa mara nyingine nimewaandikia wajumbe "nimeambatisha muhtasari wa kikao", kumbe sikuweka kitu. Nasikia programu hii humwonya mtu akisahau. Mbona mimi hainionyi, na nifanye nini nisirudie?

Jibu: Ndugu katibu, Thunderbird huonya kweli, lakini haielewi ulichoandika. Inatafuta tu maneno yaliyomo kwenye orodha yake. Katika toleo la Kiingereza orodha hiyo ina maneno kama `attach`, `attached` na `attachment`, pamoja na miishio ya majina ya mafaili kama `.pdf` na `.doc`. Barua yako ilikuwa ya Kiswahili kitupu, haikutaja jina la faili, kwa hiyo programu haikuona cha kuulizia.

Orodha hiyo unaweza kuiongezea mwenyewe. Fungua `Settings`, ingia `Composition`, hakikisha `Check for missing attachments` ina alama ya tiki, kisha bonyeza `Keywords`. Hapo ongeza maneno unayoyatumia wewe, moja moja.

Hapa Kiswahili kina ugumu wake. Programu inalinganisha neno zima, kwa hiyo ukiweka shina `ambatish` peke yake halitakusaidia. Ukiweka `nimeambatisha`, siku utakayoandika "tumeambatisha" au "nimewaambatishia" utapita bila kuulizwa. Fungua barua ulizokwisha kutuma, uone umezoea kuandika vipi, kisha ingiza maumbo hayohayo. Kwa katibu ningeanza na haya:

```
nimeambatisha
nimeambatanisha
tumeambatisha
kiambatisho
viambatisho
```

Ukimaliza, fanya jaribio. Anza barua mpya ya kujiandikia mwenyewe, andika "nimeambatisha muhtasari" bila kuweka faili, usubiri kidogo. Chini ya dirisha la kuandikia utatokea mstari unaokukumbusha, na ukibonyeza `Send` programu itakuuliza kwanza. Kama hakuna kilichotokea, rudi kwenye orodha ukague tahajia.

Onyo hilo lina mipaka. Faili lolote likishakuwepo, programu inaridhika, hata kama ni muhtasari wa kikao cha mwezi uliopita. Kwa sababu hiyo nakushauri ubadilishe na mpangilio wa kazi yenyewe: weka faili kwanza, andika maneno baadaye, anwani za wajumbe ziingie mwisho kabisa. Wengi wetu huandika "nimeambatisha" tukiwa na nia ya kuambatisha baada ya sentensi hiyo, tukishamaliza salamu za mwisho akili inaona kazi imekwisha. Faili likitangulia, pengo hilo halipo. Na barua isiyo na anwani haiwezi kuondoka hata kidole kikiteleza.

Unapojibu barua ya mtu, anwani huwa imeshajaa yenyewe, na hapo ndipo utaratibu huu huvunjika. Basi ambatisha kabla hujaandika hata "Habari". Ndani ya barua nakili jina la faili kama linavyosomeka kwenye kiambatisho, kwa mfano "Muhtasari wa kikao cha Machi, `muhtasari-machi.pdf`, kurasa 4". Ili uandike kurasa ni ngapi itabidi ulifungue hapohapo kwenye barua, na ukilifungua utajua kama ndilo lenyewe. Mjumbe naye akipokea barua isiyo na faili hilo atajua mara moja kinachokosekana, badala ya kudhani tatizo liko kwake. Binafsi naithamini tabia hii kuliko onyo la programu, kwa kuwa inakamata pia kosa la faili lisilo lenyewe.

Wajumbe wanaotumia Gmail hawawezi kuongeza maneno yao kwenye onyo la Gmail. Ila wanaweza kurefusha muda wa kuizuia barua baada ya kubonyeza kutuma: kwenye `Settings`, sehemu ya `Undo Send`, wachague sekunde 30, ambazo ndizo nyingi zaidi zinazoruhusiwa.

Ikitokea tena umetuma tupu, fungua barua ileile kwenye `Sent`, bonyeza `Reply All`, weka faili, andika sentensi moja tu: "Muhtasari ni huu hapa." Itakaa pamoja na ile ya kwanza, na wajumbe wote wataipata. Lakini kumbuka kwamba kujibu hakubebi mafaili ya barua ya awali. Siku mjumbe atakapoomba utume tena muhtasari uliokwisha kumfikia, ukitumia `Reply` utamtumia maneno matupu. Tumia `Forward`, maana hiyo huenda na faili lake, kisha uangalie kwamba limo kabla ya kutuma.