Maswali na Majibu: Kihispania cha Mbio, Herufi 42

Mstari mmoja wa manukuu ya filamu unatakiwa uwe na maneno mangapi? (Msomaji, Morogoro)

Maneno hayahesabiwi. Zinahesabiwa herufi, pamoja na nafasi na alama zote. Majukwaa mengi makubwa ya filamu yanaruhusu herufi 42 kwa mstari, na mistari haizidi miwili. Swali hili naletewa mara kwa mara, na karibu kila anayeliuliza amejifunzia kazi kwenye Kiingereza. Kwetu sisi "hawatatufikishia" ni neno moja na tayari limekula herufi 16. Ukihesabu maneno utajidanganya kila siku.

Waigizaji wa Kihispania wanasema mbiombio, Kiswahili changu hakienei. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Mbio hizo zimepimwa. Mwaka 2011 watafiti Pellegrino, Coupé na Marsico walichapisha vipimo vya lugha kadhaa zikisomwa kwa sauti. Kihispania kilikaribia silabi 8 kwa sekunde, Kiingereza kilikuwa 6 na ushei. Sikio la Mhispania linazimudu silabi hizo, lakini mtazamaji wako anatumia jicho, na jicho hilohilo linatakiwa liangalie na sura ya mwigizaji. Kiwango kilichozoeleka kwa filamu za watu wazima ni herufi 17 kwa sekunde. Kwa Kiswahili mimi nalenga 15, na 17 naifikia pale tu paliponibana. Kitenzi chetu kimebeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, hivyo msomaji hawezi kukirukia katikati.

Tuchukue mfano niliouandaa mwenyewe. Mama anamwambia kijana wake, kwa sekunde 5:

"Mira, hijo, te lo he dicho mil veces: si tu padre se entera de que has vendido la moto, no vuelve a dirigirte la palabra en la vida."

Ukitafsiri kila kitu unapata hivi: "Sikiliza, mwanangu, nimeshakuambia mara elfu moja: baba yako akijua kwamba umeiuza pikipiki, hatazungumza nawe tena maishani mwake." Kihispania kina maneno 28 na Kiswahili 17, ungedhani umeokoa nafasi. Hesabu herufi sasa: Kihispania 132, Kiswahili 131. Kwa sekunde 5 hizo ni herufi 26 kila sekunde, na hata ukizipanga kwa ufundi gani, mistari miwili inabeba 84 tu.

Kwa kasi ya 15, sekunde 5 zinakupa herufi 75. Anza kwa kuuliza mama huyu anataka nini. Anamtisha kijana kwa hasira ya baba, na amechoka kurudia. Hayo mawili lazima yabaki. "Mira" mtazamaji anaisikia kwenye sauti, haina haja ya kuandikwa. "Mara elfu moja" imeshaingia ndani ya -mesha-. "Maishani mwake" imebebwa na "tena". "Kwamba" haina kazi yoyote hapo. Kinachobaki ni hiki:

```
214
00:18:07,000 --> 00:18:12,000
Nimeshasema, baba yako akijua
umeiuza pikipiki, hatasema nawe tena.
```

Mstari wa kwanza una herufi 29, wa pili 37, jumla 66. Hiyo ni herufi 13 na kidogo kwa sekunde. Ukitaka "Mwanangu," mwanzoni unafika 76, bado unasomeka. Mimi ningeliweka endapo hii ndiyo mara ya kwanza mama kumwita hivyo katika onyesho. Kama ameshamwita mara tatu, ningeliacha.

Iangalieni ile -i- katika "umeiuza". Ni herufi moja tu, nayo inamwambia msomaji kwamba ni ile pikipiki anayoijua, si pikipiki yoyote. Kama imetajwa katika kipande kilichotangulia, unaweza kuitoa "pikipiki" yenyewe ukabaki na "akijua umeiuza", ukaokoa herufi 9. Ni jambo la kusikitisha kuona watafsiri wetu wanarudia nomino kila kipande kana kwamba viambishi havipo. Tahadhari ni moja: kama katika mazungumzo hayohayo imetajwa na nyumba, -i- inaangukia zote mbili, kwa kuwa zimo ngeli moja. Hapo nomino inarudi, hata ikikugharimu.

Mafundi wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video wanasema kila kitu, na wanaongeza na yao. Kwa nini sisi tukate? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa sababu wao wanatumia mdomo. Wanapita juu ya sauti ya mwigizaji, wanajaza kimya, na mtazamaji haambiwi asome chochote. Nawaheshimu sana, lakini kanuni zao hazihamishiki kwenye maandishi.

Nikiandika "cjui", "xaxa" na "kwn" si nitaokoa herufi nyingi? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Unaokoa nafasi na kupoteza muda, maana jicho linasimama kulifumbua neno. Kata maana isiyo na kazi. Herufi za neno lililobaki ziache zote.

Sentensi ikizidi mstari mmoja, niikate wapi? (Msomaji, Bukoba)

Pale ambapo ungepumua ukiisema. Usiache -a unganifu ikining'inia mwishoni. "Nilimwona kwenye nyumba ya / mjomba wake" ni kosa, na "Nilimwona kwenye nyumba / ya mjomba wake" ni sawa. Vitenzi viwili vinavyoshikana, kama "alikuwa akilia", vikae mstari mmoja. Vilevile "ni" na "si" zisibaki peke yake mwisho wa mstari, hasa "si", kwa sababu msomaji anayeshuka haraka anaweza kuipoteza akaelewa kinyume. Programu ikikukatia yenyewe inatafuta urefu ulio sawa tu, haijui sarufi. Pitia kila mkato kwa macho yako.

Nimepewa faili ya Kiingereza yenye muda tayari. Kuna haja gani ya kusikiliza Kihispania? (Msomaji, Arusha)

Haja kubwa kuliko yote. Wengi wetu tulizijua tamthilia za Meksiko zikiwa zimeshatiwa sauti za Kiingereza, ndiyo maana watu wanaona njia hii ni ya kawaida. Faili ya Kiingereza ni kazi ya mtu aliyekwisha kukata. Ukikata tena juu ya mkato wake, hujui alichotupa.

Ona kwanza habari ya nafsi. Kiingereza kinakuletea "you" na unabaki kubahatisha kati ya "umenidanganya" na "mmenidanganya". Mwigizaji wa Madrid amesema "me habéis mentido", wengi, hakuna mjadala. Angesema "me has mentido", mmoja. Wa Meksiko au Kolombia angetumia "ustedes" kwa wengi wote, awe anaongea na watoto wake au na mahakimu, kwa hiyo pale wingi hauonyeshi heshima. Heshima hujulikana kwa mtu mmoja, pale anapoitwa "usted" badala ya "tú" au, kwa Ajentina, "vos". Daktari anamuuliza mwanamke mzee "¿Cómo se encuentra?" Kwenye Kiingereza heshima hiyo imeyeyuka. Kwetu ni "Unaendeleaje, mama?" Neno "mama" na alama yake linakula herufi 6 pamoja na nafasi, nami ningekata kitu kingine kabla ya kuligusa. Tena sikiliza ni lini "usted" inageuka "tú" katikati ya filamu. Hapo uhusiano umebadilika, na "mama" au "mzee" lazima liondoke kuanzia kipande hicho.

La pili ni mpangilio wa habari. Kihispania kinaweza kumweka mtenda mwishoni: "Lo mató su hermano." Mwigizaji anasita, kisha anatamka kaka. Kiingereza cha faili yako kinamtaja kaka mwanzo, nawe unakifuata: "Kaka yake alimuua", herufi 18 pamoja na nukta. Mtazamaji ameshajua muuaji kabla mwigizaji hajafungua kinywa vizuri, na kazi yote ya mwongozaji imeharibika. "Aliyemuua ni kaka yake" inarudisha mpangilio kwa herufi 23. "Aliuawa na kaka yake" inaurudisha kwa 21. Nachukua hiyo ya mwisho. Kauli ya kutendwa ni rahisi kwetu, na katika manukuu kutoka Kihispania inafaa kuliko watu wanavyodhani.

Kama hujui Kihispania, kaa na anayekijua na mpitie filamu pamoja kabla hujaandika. Kama mteja hataki kulipia hilo, mwambie anapata tafsiri ya Kiingereza, na jina lako lisitajwe kama mtafsiri wa Kihispania.

Programu ikinionyesha rangi nyekundu naongeza tu muda wa kipande kikae zaidi. Kuna ubaya? (Msomaji, Kigoma)

Kidogo si vibaya. Kipande cha herufi 45 kinataka sekunde 2.65 kwa kasi ya 17. Kama maneno yenyewe yalichukua sekunde 2 na baada yake kuna kimya, sogeza mwisho mbele. Simama kabla ya maneno yanayofuata, acha pengo la fremu 2 kati ya vipande, na usizidishe sekunde 7 kwa kipande kimoja. Angalia pia mkato wa picha. Herufi zikibaki fremu chache juu ya picha mpya kisha zikapotea, mtazamaji anaona mmweko badala ya sentensi. Ama uishie kwenye mkato, ama uendelee mbele yake kwa muda wa kutosha.

Kinachonikera ni wale wanaoingia kwenye mipangilio ya Subtitle Edit na kupandisha kikomo cha kasi mpaka nyekundu ifutike. Nyekundu inafutika, msomaji anabaki palepale. Mtafute mtu asiyejua Kihispania, mwonyeshe dakika 10 za mazungumzo ya kasi bila kusimamisha, halafu muulize nani alimwambia nani nini, na pia mwigizaji alikuwa amevaa nini. Akishindwa la kwanza, umeandika mengi. Akijibu la kwanza na kushindwa la pili, bado umeandika mengi.

Watu wawili wanajibizana harakaharaka, kila mmoja neno moja au mawili. Kila jibu nilipe kipande chake? (Msomaji, Zanzibar)

Kipande chini ya fremu 20 hakisomeki, kwa hiyo waunganishe: kila msemaji mstari wake, kistari mwanzoni, wawili tu kwa kipande.

```
-Umelipa?
-Bado.
```

Ila kama jibu ndilo fumbo la onyesho zima, litenge, hata kama swali litalazimika kukaa peke yake kwa sekunde moja.