Kadi za hesabu za jedwali la mbili kwa mbili: kwanza uliza watu walipatikanaje

Nilipotoka kwenye muhadhara wa epidemiolojia nikiwa na kurasa nne za kanuni, nilizihamishia zote kwenye kadi kama zilivyokuwa: mbele jina la kipimo, nyuma herufi a, b, c na d, moja kwa kila kisanduku cha jedwali linalowapanga watu kwa kuugua na kwa kukutana na kisababishi. Kadi hizo nilizikariri kwa wiki moja, kisha zikaniangusha kwenye zoezi la kwanza, kwa sababu mtunga swali alikuwa ameweka wagonjwa kwenye mistari na kisababishi kwenye safu wima, nami nikagawanya kwa herufi bila kutazama zilikuwa zinasimamia nini. Tangu hapo kadi zangu hazina herufi. Zina namba, maneno, na swali moja linalotangulia hesabu yoyote: watu hawa walipatikanaje?

Kadi ya kwanza niliyoiandika upya ni ya utafiti wa kufuatilia kundi, na namba zake nilizitunga mwenyewe ili zigawanyike kwa urahisi. Watu 200 waliokutana na kisababishi na 200 ambao hawakukutana nacho wanafuatiliwa kwa mwaka mmoja. Katika kundi la kwanza wanaugua 80, katika la pili 40. Hatari ni waliougua kugawanywa kwa wote walioanza, kwa hiyo ni 80/200 = 0.40 na 40/200 = 0.20, na uwiano wa hatari ni 2.0. Odsi ni waliougua kugawanywa kwa wasiougua, yaani 80/120 = 0.67 na 40/160 = 0.25, na uwiano wa odsi ni 2.67. Makosa yangu mengi yalitokea kwenye namba ya chini ya mgawanyo, kwa hiyo kwenye kila kadi naiandika kwanza kwa maneno, halafu kwa tarakimu. Jambo la kuangalia ni kwamba hatari haiwezi kuzidi 1, ilhali odsi inaweza; ukipata hatari ya 1.3, umegawanya kwa wasiougua.

Kadi ya kasi ya ugonjwa inatumia watu walewale, ila namba ya chini si watu tena bali ni muda walioukaa wakiwa wazima chini ya ufuatiliaji. Tukichukulia kwamba kila aliyeugua aliugua katikati ya mwaka, kundi la kwanza linatoa miaka 120 ya wasiougua na 40 ya waliougua, jumla 160. Kundi la pili linatoa 160 na 20, jumla 180. Kasi ni 80/160 = 0.50 na 40/180 = 0.22 kwa mwaka mmoja wa mtu mmoja, na uwiano wake ni 2.25. Kipimo cha muda kikikosekana kwenye jibu, jibu hilo nalihesabu kuwa kosa hata kama tarakimu ni sahihi.

Kadi iliyonifundisha zaidi ina namba za kweli, za utafiti wa Richard Doll na Austin Bradford Hill wa mwaka 1950 kuhusu tumbaku na saratani ya mapafu. Kati ya wanaume 649 wenye saratani, 647 walikuwa wavutaji na 2 hawakuwa. Kati ya wanaume 649 wasio na saratani hiyo, waliochaguliwa ili kulinganishwa nao, wavutaji walikuwa 622 na wasiovuta 27. Swali la mbele linasema: tafuta hatari ya saratani kwa wavutaji. Mkono unakimbilia 647 kugawanywa kwa 647 + 622, na unapata 0.51, jibu linaloonekana safi kabisa lakini lisilo na maana, kwani lingedai kwamba nusu ya wavutaji wana saratani ya mapafu.

Nyuma ya kadi sikuandika tu kwamba jibu ni kosa, bali niliweka jaribio. Kwa kanuni hiyohiyo wasiovuta wanapata 2/29 = 0.069, na uwiano unakuwa 7.4. Sasa tuseme watafiti wangechukua walinganishwa mara mbili, wavutaji 1,244 na wasiovuta 54. Hiyo "hatari" ya wavutaji inashuka hadi 647/1,891 = 0.34, ya wasiovuta 2/56 = 0.036, na uwiano unapanda hadi 9.6, ingawa tumbaku ni ileile. Uwiano wa odsi haukutikisika: `(647 × 27) / (622 × 2)` ni 14.0, na `(647 × 54) / (1244 × 2)` ni 14.0 vilevile. Idadi ya walinganishwa aliichagua mtafiti, kwa hiyo kipimo kinachoitegemea kinapima uchaguzi wake.

Kwa kuwa saratani ya mapafu ni ugonjwa adimu katika jamii nzima, hiyo 14.0 inakaribia uwiano wa hatari. Kwenye kadi ya kwanza, ambako waliougua walikuwa wengi, pengo la 2.0 na 2.67 linaonyesha kwa nini ukaribu huo hauchukuliwi bure. Kadi hizo mbili nimezibana pamoja kwa pini, na ile ya tumbaku bado inaniuliza hatari. Jibu sahihi nyuma yake ni neno moja, "haihesabiki".