Sura imekakamaa kwenye picha ya simu: namna ya kuilainisha bila kuifanya plastiki

Kuna picha ambayo simu za siku hizi zinaipenda sana kuiharibu: mtu amekaa mlangoni au dirishani, nyuma yake mwanga mkali, yeye mwenyewe yuko upande wa kivuli. Ukiiangalia ikiwa ndogo kwenye simu unaona safi kabisa, anga lipo, sura inaonekana. Ukizumu usoni sasa, ngozi imekakamaa, kila mstari chini ya jicho umekolezwa, ndevu zimesimama moja moja, kwenye paji la uso kuna vidoa vyeupe vyeupe ambavyo kwa macho hukuviona kabisa. Wengi hapo wanakimbilia filta ya kulainisha ngozi, na ndo picha inaharibika mara ya pili, maana inatoka kwenye ukali inaingia kwenye plastiki.

Ukitaka kuirudisha vizuri lazima ujue simu imefanya nini, na sio vitu vingi. Inapiga fremu kadhaa kwa mpigo inaziunganisha, halafu inaona tofauti kati ya mwanga wa nje na giza la uso ni kubwa mno, kwa hiyo inaibana, anga linashushwa, uso unapandishwa. Sasa picha iliyobanwa hivyo inaonekana bapa haina uhai, kwa hiyo simu inafidia kwa kuongeza kontrasti ndogo ndogo, kipande kwa kipande, yani tofauti kati ya mkunjo na ngozi iliyo pembeni yake. Kumbuka pia uso ule ulikuwa gizani, ulijaa chenga, hivyo chenga zimefutwa kwanza (na vinyweleo na matundu ya ngozi yakaondoka nazo), kisha kilichobaki kikaongezewa ukali.

Kwa hiyo tatizo lina pande mbili. Kontrasti kubwa, ile ya upande wa uso wenye mwanga na upande wenye kivuli, imebanwa. Kontrasti ndogo imepandishwa. Ukishusha ile ndogo peke yake sura inakuwa uji, hakuna umbo, na ndio maana zile filta hazifanyi kazi. Unatakiwa urudishe kubwa kwanza ndo ushushe ndogo.

Nichukue picha moja niliyomfanyia dada yangu, maana aliponiuliza "We mdogo wangu, mbona umenizeesha hivi?" nikaona ana haki kabisa. Picha ina pikseli 4000 kwa 3000, uso peke yake kama pikseli 900 kwenda juu, mlango uko wazi nyuma ya bega lake la kushoto. Nilitumia GIMP kwenye kompyuta, ni programu ya bure ya kuhariri picha. Hakikisha faili ni lile lenyewe lililotoka kwenye kamera, sio lililopitia kwenye meseji, kwa sababu likishabanwa tena linakuwa na viboksi vidogo vidogo kwenye ngozi, na kila utakachofanya kitagusa na viboksi.

Kwanza vivuli. Fungua Colors halafu Curves, weka nukta kwenye robo ya chini ya mstari, ivute chini kidogo, mimi niliitoa 64 nikaipeleka kama 52, halafu nukta nyingine katikati kuushikilia mstari usishuke wote. Upande wa shavu ulio mbali na mlango ukarudi kuwa kivuli, pua ikapata umbo, na kuna kitu kingine kinatokea hapo ambacho nakipenda: mstari ukilala chini kwenye vivuli, tofauti ndogo ndogo zilizomo humo gizani nazo zinapungua, kwa hiyo nusu ya ukakasi wa upande ule unaondoka kabla hujagusa chochote kingine. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi hatua hii ndo yenye faida kuliko zote, kwa sababu kivuli kikipandishwa kwa nguvu ngozi inapauka, inakuwa na ujivujivu fulani hivi, na ukirudisha weusi wake rangi nayo inarudi. Usiogope giza kidogo usoni, mtu alikuwa kwenye kivuli kweli.

Pili ule mstari mweupe kwenye ukingo. Zumu hadi asilimia 100 ufuate taya na sikio, utaona pale uso unapokutana na mwanga wa nje kuna kamstari cheupe kuliko mwanga wenyewe, na upande wa ngozi kamstari cheusi. Huo ndo ushahidi wa ukali uliozidi, mwanga wa kawaida hauchori hivyo. Chukua Clone, kile kifaa cha kunakili sehemu moja ya picha kwenda nyingine, Mode uweke Darken only, brashi laini na ndogo, sampuli uichukue kwenye mandhari ya nyuma pembeni tu ya mstari, pitisha juu ya mstari mweupe. Hiyo modi inaandika pale tu sampuli ilipo nyeusi zaidi ya kilichopo, kwa hiyo hutaigusa ngozi hata mkono ukiteleza, ilimradi nyuma ni pang'avu kuliko uso. Ule mweusi wa upande wa ngozi tumia Lighten only, sampuli toka kwenye shavu, nyuma haitaguswa kwa kuwa ni pang'avu kuliko shavu, lakini nenda taratibu maana ndevu na vivuli vya ngozi vilivyo vyeusi kuliko sampuli vinaweza kupauka.

Sasa ngozi yenyewe, na hapa ndo kazi ilipo. Nenda Filters, Enhance, halafu Wavelet-decompose, Scales acha 5, weka tiki kwenye kile kiboksi cha kuongeza maski kwa kila leya, maski ni kama pazia, unapoipaka nyeusi leya yake inafichika hapo. Picha itagawanywa kwenye leya kutokana na ukubwa wa vitu: Scale 1 ina vitu vya nywele moja moja, Scale 2 vikubwa kidogo, hivyo hivyo mpaka Scale 5, na Residual ya chini ina rangi na mwanga mpana tu. Zikikaa zote pamoja unapata picha ileile bila badiliko.

Kabla hujapaka kitu, zima na kuwasha kijicho cha kila leya huku unaangalia shavu. Kwa picha ya dada, nilipozima Scale 1 shavuni hakikubadilika kitu karibu chochote, nilipozima Scale 3 mikunjo ya chini ya macho ikaondoka kabisa na uso ukapumua. Hii ina maana kubwa. Uchafu haupo kwenye vitu vidogo kabisa, huko simu ilishafuta, pako tupu, upo katikati. Filta ya kulainisha inaanza kufuta kuanzia chini, yani inafuta kidogo kilichosalia huku yale makunjo ya katikati ikiyaacha au ikiyafuta yote pamoja, ndo unapata ile plastiki.

Basi bonyeza maski ya Scale 3 (hakikisha ni maski umechagua, sio leya yenyewe, vinginevyo utapaka rangi nyeusi juu ya picha), chukua brashi laini, rangi nyeusi, Opacity ya brashi 50, pitisha mara moja bila kuachia kwenye mashavu, paji, chini ya macho na shingo. Scale 2 nilipitisha kwa 30, Scale 4 kwa 25, nyingine sikuzigusa. Macho, nyusi, ukingo wa midomo, mashimo ya pua na nywele unaviruka, hivyo ndivyo vinavyomwambia mtazamaji picha iko shapu, na vikibaki vikali hakuna atakayejua kwamba mashavu umeyashusha. Ukiona umezidisha geuza brashi nyeupe upake juu, hakuna kilichopotea.

Namba hizo zinategemea ukubwa wa uso kwenye fremu. Uso ukiwa nusu ya huo wangu, matatizo yatahamia Scale 2, na ukiwa umejaza picha nzima yanaweza kwenda Scale 4 au hata 5, kwa hiyo usikariri, fuata kile kijicho. Ukipita kiasi utajua haraka, mashavu yanaanza kuwa na mabaka mapana kana kwamba yamevimba, hiyo ni Scale 4 umeikata sana huku Scale 5 iko palepale.

Vile vidoa vyeupe vya paji vinaweza kubaki. Vikiwa vimefika weupe kamili hakuna rangi chini yake ya kurudisha, kwa hiyo naenda Layer, New from Visible, leya hiyo mpya naiburuta juu ya zote, halafu navipitia humo na Clone ileile ya Darken only kwa Opacity kama 40, vipoe tu visifutike, kwa sababu ngozi isiyong'aa kabisa nayo si ngozi.

Mwisho rudisha chenga kidogo. Najua inashangaza kuongeza kitu ambacho simu ilihangaika kukitoa, ila macho yakikosa kabisa vitu vidogo kwenye ngozi yanaona imepakwa. Tengeneza leya mpya juu ya zote, ijaze kijivu cha #808080, ibadili Mode iwe Grain merge, halafu Filters, Noise, RGB Noise, toa tiki ya Independent RGB ili chenga zisiwe za rangi rangi, na thamani weka ndogo kama 0.04. Iwe picha nzima, ukiweka usoni tu itaonekana kama uso umebandikwa. Kwa asilimia 100 uzione kwa shida, ukirudi kwenye picha nzima usizione kabisa.

Wakati wa kupunguza saizi kwa ajili ya kutuma, Image halafu Scale Image, kwenye Interpolation mimi nachagua NoHalo maana nyingine zinaweza kurudisha kamstari kidogo kwenye kingo, na usiongeze shapu tena baada ya hapo.

Kama huna kompyuta, app ya simu ya Snapseed inakufikisha sehemu nzuri kwa njia ileile: Tune Image, Shadows upande wa hasi kidogo mpaka uso upate umbo, halafu Details, Structure kama -30, kisha ingia View edits uipake hiyo Structure kwa brashi kwenye ngozi tu. Huwezi kuchagua ukubwa wa vitu, kwa hiyo usivuke hapo sana, na mstari mweupe wa kwenye taya utabaki.

Na kama simu yako inatoa RAW, yani faili ghafi la kamera, piga nayo hizo za mlangoni. Ila angalia, simu nyingine RAW yake nayo ni fremu zilizokwisha unganishwa, chenga zimeshapunguzwa humo. Bado inafaa, kwa sababu ukali na ile kontrasti ndogo havijagandishwa kwenye faili, unaviamua wewe. Kwa JPEG msaada mkubwa ni kumgeuza mtu robo tu kuelekea mwanga, tofauti ya uso na nyuma ikipungua simu inakuwa haina cha kubana.