Siku 90 kabla ya kibali kuisha

"Kibali cha maji cha kiwanda chetu hapa Tanga kinaisha 30 Juni 2026. Kwenye kalenda niandike tarehe hiyo tu?"

Hapana, dada. Soma masharti ya nyuma, mpaka viambatisho. Kama sharti linasema maombi yawasilishwe "si chini ya siku 90 kabla ya kuisha", siku yako ya mwisho ni 1 Aprili. Kwenye Excel andika:

```
=DATE(2026,6,30)-90
```

Nakili maneno ya sharti yalivyo, na namba yake, kando ya tarehe. Kuna mwaka nilifupisha nikaandika "ripoti kila robo mwaka", kumbe sharti lilihesabu robo tangu siku ya kutolewa kibali, si Januari. Ripoti ya kwanza ikachelewa.

Kisha rudi nyuma zaidi: kama maombi yanadai majibu ya maabara, siku ya kuchukua sampuli nayo ina mstari wake kwenye kalenda.

— Kaka, siku 90 si miezi 3 tu?

— Ukirudi miezi 3 unapata 30 Machi. Hapa umewahi, ila "si chini ya miezi 3" ukiihesabu kwa siku 90, umechelewa.

— Mie changu hakina tarehe ya kuisha kabisa.

— Tazama ada ya mwaka, mjomba, nayo ina siku yake ya kulipwa.