Dripu ya chumvi na ya glukosi: mbona gramu zatofautiana?

"Niko Kidato cha 4 hapa Nairobi. Dripu ya chumvi ina gramu 9 kwa lita, ya glukosi 50. Zote zinawezaje kulingana na damu?"

Mdogo wangu, usihesabu gramu, hesabu chembe. Shinikizo la osmosisi na kushuka kwa halijoto ya kuganda hufuata idadi ya chembe zilizoyeyuka, si aina yake.

Moli moja ya glukosi ina gramu 180, kwa hiyo 50 ni moli 0.278, na kila molekuli hubaki nzima. Kwa chumvi, 9 gawanya kwa 58.5 ni 0.154 tu. Lakini chumvi huachana kuwa ayoni mbili, sodiamu na kloraidi, hivyo chembe ni 0.308. Kwa kweli ayoni hizo huvutana kidogo, kwa hiyo zinafanya kazi kama 0.286 hivi, kwenye mtihani lakini zidisha kwa 2 tu.

Sasa zidisha 0.278 na 0.286 kwa 1.86, yaani nyuzi ambazo halijoto ya kuganda ya maji hushuka kwa kila moli ya chembe katika kilo moja ya maji. Dripu ya glukosi itaganda karibu -0.52 °C, ya chumvi -0.53 °C. Plazma ya damu? Karibu -0.54 °C. Ndiyo maana maabara hupima wingi wa chembe katika damu kwa kuigandisha.

Ukitia maji matupu mshipani, yataingia kwenye seli nyekundu hadi zipasuke.